Mguu unakaza usiku wa manane: vidonge vya magnesiamu au ukuta wa chumbani?

"Daktari, mimi ni mama wa miaka 58, nina mgahawa mdogo hapa Tanga na kutwa nzima nimesimama. Tangu mwezi wa tatu nashtuka usiku kigimbi kimekaza, kigumu kabisa, hasa cha kulia, napiga kelele mpaka mzee anaamka. Ni mara tatu au nne kwa wiki. Duka la dawa wameniuzia magnesiamu, chupa Sh 40,000. Nimemaliza ya kwanza, nadhani imepungua kidogo lakini sina uhakika. Jirani mmoja anasema damu imeganda, mwingine anatumia kwinini na anasema inamsaidia. Nina presha, mwezi wa pili niliongezewa dawa ya kukojoza. Nimepungukiwa nini mwilini? Niendelee na magnesiamu?"

Shikamoo mama. Chupa ya pili usinunue, na kwinini ya jirani usiiguse kabisa. Sababu zake nitazieleza, lakini nianze na hilo neno "kupungukiwa", kwa sababu ndilo linalowapeleka watu wengi dukani kabla hawajafika popote pengine.

Watu wengi wanaokazwa na vigimbi usiku, ukiwapima damu, madini yao yako sawa. Potasiamu iko sawa, kalsiamu iko sawa, magnesiamu iko sawa. Tatizo limo kwenye neva inayouendesha msuli. Neva hiyo, hasa kule mwishoni inapogawanyika vijitawi na kuingia ndani ya nyama, inaanza yenyewe kutuma amri za "kaza, kaza, kaza" kwa kasi ambayo wewe kwa hiari yako huwezi kuifikia. Msuli unatii, kwa kuwa hauna la kufanya zaidi ya kutii. Ndiyo maana unauona umejikunja donge chini ya ngozi na kidole gumba kimejielekeza chini.

Kwa kawaida mwili una breki ya kuzuia hali hiyo. Ndani ya kano nene ya nyuma ya kisigino kuna vihisio vinavyopima mvuto. Mvuto ukizidi, vinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na amri ya kukaza inapunguzwa. Lakini breki hiyo inahitaji kano iwe imevutika. Kano iliyolegea ni kama kamba ya kuanikia nguo iliyolegea: ukining'iniza kitu upande huu, nguzo ya upande wa pili haihisi chochote mara moja. Sasa fikiria unavyolala. Ukilala chali chini ya shuka na blanketi vilivyochomekwa vizuri miguuni, vidole vinasukumwa kuelekea chini. Ukilala kifudifudi, ndivyo hivyo hivyo. Kigimbi kinabaki kifupi, kano imelegea, na breki imelala. Neva ikijikuna kidogo tu, au ukijinyoosha usingizini na kuelekeza vidole chini, msuli ambao tayari ni mfupi unajifupisha zaidi, na hakuna cha kuusimamisha.

Umri nao unachangia. Kadiri miaka inavyosonga tunapoteza baadhi ya neva za misuli, zilizobaki zinabeba kazi za wenzao, na misuli na kano hupungua urefu kwa wale wasioivuta. Wewe unasimama kutwa, na watu husema "lakini mimi natembea sana, vigimbi vyangu vina mazoezi". Kusimama jikoni sakafu ya saruji siyo kukivuta kigimbi, ni kukichosha. Huwa nawauliza mama lishe na wauza duka wanaokuja na shida hii: mara ya mwisho kuchuchumaa kisigino kikiwa chini ardhini ilikuwa lini? Wengi wanacheka, halafu wanajaribu, na kisigino kinanyanyuka. Jaribu leo ukiwa umeshika fremu ya mlango. Kama magoti yako hayaruhusu, usilazimishe. Zoezi la ukutani nitakalolieleza baadaye linatosha.

Kuhusu damu kuganda, jirani yako hajakosea kuiogopa, ila dalili zake ni nyingine. Mkazo wa usiku unakuja ghafla, msuli unakuwa mgumu ukiushika, unakaa sekunde kadhaa au dakika chache, mara chache sana hufika dakika kumi, halafu unaachia. Kesho yake kigimbi kinaweza kuuma kama kilichopigwa, hilo ni la kawaida. Damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu haiji na kuondoka mara nne kwa wiki. Maumivu yake yanakaa, mguu mmoja unavimba kuliko mwenzake, unakuwa na joto, pengine unabadilika rangi. Ukiona hivyo, usisuguliwe mguu na mtu yeyote, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukikosa pumzi au kifua kikauma juu ya hayo, usisubiri kukuche.

Kuna kitu kingine kinachochanganywa na mkazo: hali ya miguu kukosa utulivu, unapolala unasikia lazima uitikise, inatambaa, inawasha kwa ndani, ukitembea unapata nafuu. Hapo hakuna donge na hakuna msuli mgumu, na tiba yake ni tofauti. Maelezo yako hayaelekei huko, lakini usiku ukishtuka, kishike kigimbi kwa mkono. Kikiwa kigumu, ni mkazo.

Sasa kilichonivutia zaidi kwenye barua yako ni tarehe. Dawa ya kukojoza uliongezewa mwezi wa pili, na vigimbi vilianza mwezi wa tatu. Hilo peke yake halithibitishi kitu, kwa sababu mikazo ya usiku huanza kwa watu wengi wa umri wako bila dawa yoyote. Lakini linastahili kuulizwa. Watafiti wa Kanada walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa kumbukumbu za dawa za wagonjwa wengi wa jimbo la British Columbia. Waliangalia watu walioanza dawa fulani, kisha wakaona ni wangapi mwaka uliofuata walianza kuandikiwa kwinini, ambayo kule ilikuwa ikitolewa kwa mikazo ya miguu. Dawa za kukojoza zilijitokeza, hasa zile zinazohifadhi potasiamu, na dawa za pumu za kuvuta zinazofanya kazi kwa saa nyingi. Statini, dawa za mafuta ya damu ambazo kila mtu huzilaumu, zilihusika kidogo tu.

Kwa hiyo nenda kliniki yako ya presha na kasha la dawa mkononi, useme maneno haya haya: "Hii nilianza mwezi wa pili, vigimbi vikaanza mwezi wa tatu." Omba wapime potasiamu na sodiamu, kazi ya figo, na sukari. Hivyo ni vipimo vya kawaida vya damu, na hata bila mikazo, mtu aliyeanza dawa ya kukojoza anapaswa kuangaliwa potasiamu na figo zake. Ikitoka potasiamu ya chini, hapo ndipo tutasema kweli umepungukiwa kitu, na kitarekebishwa kwa kipimo, siyo kwa kubahatisha. Ikiwa iko sawa, daktari bado anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia dawa nyingine ya presha akaona inakuwaje. Ninachokuomba ni usiiache mwenyewe. Kigimbi kinauma, lakini presha iliyoachwa inaleta kiharusi, na kiharusi hakitangulizi maumivu ya kukuonya.

Huku ukisubiri siku ya kliniki, anza na ukuta. Nikuambie ukweli wote kuhusu kunyoosha misuli, kwa sababu ushahidi wake umegawanyika. Huko Uingereza mwaka 2005 walichapisha jaribio la wagonjwa waliokuwa wakitumia kwinini. Walioshauriwa kunyoosha vigimbi hawakupata nafuu kuliko wengine. Mwaka 2012 Waholanzi wakachapisha jaribio la watu 80 wenye umri wa zaidi ya miaka 55. Nusu walinyoosha vigimbi pamoja na misuli ya nyuma ya paja kila usiku kabla ya kulala, kwa wiki sita, na nusu hawakunyoosha. Walionyoosha mikazo yao ilipungua kwa wastani wa mmoja na zaidi kwa usiku, na ukali wake ukapungua pia. Udhaifu wa jaribio hilo ni kwamba mtu anajua kama ananyoosha au hanyooshi, kwa hiyo matumaini yake yanaweza kuingia kwenye hesabu. Hata hivyo mimi ninaushauri, kwa sababu unaendana na jinsi mkazo unavyotokea, hauna gharama, na ukikosa kukusaidia hautakuwa umekudhuru.

Fanya hivi. Kabla tu ya kupanda kitandani, simama mkabala na ukuta, umbali wa kama urefu wa mkono wako, miguu peku ili usiteleze. Weka viganja ukutani usawa wa mabega. Rudisha mguu wa kulia nyuma hatua moja, goti lake limenyooka, kisigino kimebana sakafuni, vidole vinatazama ukuta. Sasa kunja goti la mbele polepole na usogeze kiuno mbele mpaka usikie mvuto wa wastani kwenye kigimbi cha nyuma. Hesabu sekunde 10, achia sekunde 10, rudia mpaka zitimie tatu. Kisha kunja kidogo hilo goti la nyuma, kisigino kikiwa bado chini, ufanye tena mara tatu. Mkao wa kwanza unaufikia msuli wa juu wa kigimbi, unaovuka goti. Wa pili unaufikia ule wa ndani zaidi, ulioko chini yake. Badili mguu. Halafu kaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja umenyooka mbele yako, kisigino sakafuni na vidole juu, inama kutoka kiunoni mpaka nyuma ya paja ivutike, sekunde zile zile. Yote kwa jumla haizidi dakika saba.

Wanaoniambia "nilinyoosha haikusaidia", nikiwaomba wanionyeshe, mara nyingi naona moja kati ya mambo mawili. La kwanza, mguu wa nyuma wameugeuza vidole vitazame nje. Ukifanya hivyo mvuto unakimbilia ndani ya unyayo na kigimbi hakivutiki. La pili, wanadundadunda kama wanaopasha misuli kabla ya mpira, na msuli unaodundishwa unajihami kwa kukaza. Vuta, tulia, pumua. Kisigino kikinyanyuka, umesimama mbali mno, sogea.

Ule usiku wenyewe unaposhtuka, kazi ni kuirudishia kano mvuto wake ili breki ifanye kazi. Nyoosha goti, vuta vidole vya mguu vielekee kwenye goti, ama kwa mkono, ama kwa khanga uliyoizungusha kwenye unyayo ukaivuta ncha zake mbili. Khanga ni nzuri zaidi kwa wenye tumbo au mgongo usiokunjika, na ni vizuri iwe imelala pembeni ya mto. Ukiweza kusimama, simama na ukandamize kisigino sakafuni, lakini shika kitanda kwanza. Nimeona mama aliyevunjika mkono kwa kuruka kitandani gizani na mguu mmoja. Ukiachia, sugua taratibu na uweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Usiuelekeze mguu chini kama anayesimama kwenye vidole, hata kama mwili unakutuma, kwa sababu unaongeza ufupi ule ule.

Na kitandani, chomoa shuka na blanketi upande wa miguu. Chandarua kinaweza kubaki kimechomekwa, mradi kisikubane nyayo. Anayelala kifudifudi atelemke kidogo miguu ining'inie nje ya godoro.

Tufike kwenye zile Sh 40,000. Magnesiamu ndiyo nyongeza iliyojaribiwa kuliko zote kwa shida hii, na kwa watu wazima wa umri wako majibu yamekuwa yakirudi yale yale. Mapitio ya Cochrane, yanayokusanya majaribio yote na kuyapima kwa pamoja, yalihitimisha mwaka 2020 kwamba haielekei kuwapa watu wazima kinga ya maana dhidi ya mikazo. Wajawazito ni habari tofauti kidogo, huko majaribio yanapingana, kwa hiyo mjamzito azungumze na mkunga wake.

Jaribio moja ningependa ulijue kwa undani, kwa sababu linajibu ile "nadhani imepungua kidogo". Huko Israeli, mwaka 2017, walichapisha jaribio la watu 94 waliokuwa na mikazo ya usiku. Baadhi walipewa magnesiamu, wengine kidonge kinachofanana nayo ambacho hakina dawa ndani, na hakuna aliyejua chake ni kipi. Waliomeza magnesiamu walitoka kwenye mikazo karibu 8 kwa wiki wakashuka hadi 4 na kidogo. Ungewauliza, wangekuapia kwamba imewasaidia, na wangesema kweli kwamba wamepata nafuu. Ila waliomeza kidonge kitupu nao walitoka 8 na nusu wakashuka hadi 5 na kidogo. Tofauti ya makundi hayo mawili haikuwa na uzito wowote.

Kwa nini kidonge kitupu kikashusha? Kwa sehemu ni matumaini. Kwa sehemu kubwa ni kwamba mikazo hii ina misimu. Inazidi, inapungua, inapotea mwezi mzima, inarudi. Mtu haendi dukani wiki ambayo kigimbi kimetulia. Anakwenda wiki ilipomkomesha. Baada ya wiki mbaya kuliko zote, wiki inayofuata kwa kawaida ni nafuu, umemeza kitu au hujameza. Jirani yako wa kwinini na mwuza dawa wako wote wawili wanaishi kwenye ushuhuda wa aina hiyo, na siwalaumu.

Kwinini lakini ina tofauti moja: yenyewe kweli inapunguza mikazo, kidogo. Ndiyo maana ilitumika kwa miaka mingi. Shida ni kwamba kwa baadhi ya watu, bila kutabirika, inaangusha chembe za damu za kugandisha, mtu akavuja damu hovyo, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Marekani iliizuia kuuzwa bila cheti kwa ajili ya mikazo ya miguu mwaka 1994, na baadaye ikatoa maonyo mengine kuhusu matumizi hayo. Kwa malaria, chini ya uangalizi, hatari hiyo inakubalika kwa sababu malaria inaua. Kigimbi hakiui. Na wewe una presha na dawa ya kukojoza. Potasiamu ikiwa chini halafu ukaongeza kwinini, moyo wako umeuweka pabaya.

Kuna vitamini K2, ambayo huenda ukaisikia hivi karibuni. Jaribio la China lililochapishwa mwaka 2024, kwa watu 199 wenye miaka 65 na kuendelea, lilionyesha waliomeza mikrogramu 180 kwa siku kwa wiki nane walishuka kutoka mikazo kama miwili na nusu hadi karibu mmoja kwa wiki, huku wenzao wa kidonge kitupu wakiongezeka. Ni matokeo mazuri na nayafuatilia kwa hamu, ila ni jaribio moja, na mimi sijaanza kumwandikia mtu kwa jaribio moja. Anayetumia warfarini asiiguse kabisa bila daktari wake. Ndizi kula tu, mama, ni chakula kizuri, lakini usizihesabu kuwa tiba. Maji kunywa kwa kiu yako, na jikoni penye joto kiu inakuja mapema.

Nikupe mpango wa wiki sita. Chukua daftari la mahesabu ya mgahawa, ukurasa wa nyuma, uandike kila asubuhi: umekazwa au hapana, mguu upi, saa ngapi, na jana ulisimama bila kukaa kwa muda gani. Wiki ya kwanza andika tu, usibadilishe kitu, ili upate idadi yako ya kweli. Kisha anza ukuta kila usiku. Usibadilishe dawa na kuanza mazoezi wiki moja, vinginevyo hutajua kipi kilichosaidia. Daktari akikubadilishia dawa, itie alama siku hiyo. Kwa mtu wa mikazo mitatu au minne kwa wiki, ikishuka ikakaa kwenye mmoja kwa wiki tatu mfululizo, hiyo ni nafuu. Wiki moja tulivu haitoshi kusema lolote.

Usisubiri wiki sita ukiona haya: ganzi au moto kwenye nyayo ambao haukuwepo, kwa sababu sukari huanza hivyo, kigimbi kuuma ukitembea umbali ule ule kila mara na kupona ukisimama, hiyo inahusu mishipa ya damu kuziba, mguu kupoteza nguvu au kigimbi kimoja kusinyaa, mikazo kuhamia mikononi na mapajani, au mikazo kuzidi ghafla baada ya kuhara na kutapika huku unaendelea na dawa ya kukojoza. Hilo la mwisho ni la siku hiyo hiyo, na kabla ya kumeza dozi inayofuata mpigie simu daktari wako.

Kama ulikwisha kununua chupa ya pili ya magnesiamu, vidonge vyake visubiri majibu ya figo. Figo zikiwa nzima, unaweza kuvimaliza, ukijua tu vinalainisha choo na ndiyo kazi kubwa utakayoiona. Figo zikiwa na hitilafu, usivimeze, kwa sababu magnesiamu itajikusanya kwenye damu.